Mabaka ya Melasma Usoni: Zuia Mwanga Kwanza, Kisha Paka Dawa

Mabaka ya rangi ya kahawia yanayojitokeza pande zote mbili za uso, hasa mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, kitaalamu huitwa melasma. Hayawashi, hayaumi na hayaambukizi. Ukipitisha kidole juu yake, utakuta ngozi ni laini sawa na ngozi ya pembeni. Kilichobadilika ni rangi tu. Wengi wanaoyapata ni wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao huyaona kwa mara ya kwanza wakiwa wajawazito, ndiyo maana mitaani watu huyaita madoa ya ujauzito.

Mwenye mabaka haya akienda kuomba ushauri, jibu analopata kwa kawaida ni jina la krimu ya kuondoa madoa. Ananunua, anapaka mwezi mmoja, uso unang'aa kidogo, kisha mabaka yanarudi, pengine yakiwa meusi kuliko mwanzo. Anabadilisha krimu, na mambo yanakuwa yale yale. Makala hii inaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na inapendekeza utaratibu mwingine: kwanza uso ukingwe na mwanga, kisha zitumike dawa mbili za upole, kwa subira ya miezi.

Kinachoendelea ndani ya ngozi

Ndani ya ngozi kuna seli zinazotengeneza rangi inayoitwa melanini. Kazi yake ni kulinda ngozi dhidi ya jua, na kila mtu anazo, awe mweusi au mweupe. Kwa mwenye melasma, seli hizo katika sehemu fulani za uso zimekuwa nyepesi mno kuchokozeka. Jua dogo tu likizigusa, zinatoa rangi nyingi kupita kiasi. Sabuni kali ikiichubua ngozi, nazo zinatoa rangi. Ndiyo maana kusugua mabaka hakuyaondoi: kila msuguo ni uchokozi mpya.

Mambo matatu ndiyo huziamsha zaidi. La kwanza ni homoni, za ujauzito au za vidonge vya majira. La pili ni urithi. Mara nyingi ukiuliza utasikia kwamba mama, shangazi au dada naye anayo. La tatu ni mwanga wa jua, na hilo ndilo lililo ndani ya uwezo wako kila siku. Baada ya kujifungua, mabaka ya baadhi ya wanawake hufifia yenyewe ndani ya miezi kadhaa. Kwa wengine hubaki miaka, kwa sababu homoni zimetulia lakini jua linaendelea kuzichokoza seli zile zile.

Kwa anayetumia vidonge vya majira, usiviache ghafla kwa sababu ya uso ukajikuta na mimba usiyoipanga. Mweleze muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango kwamba una melasma, mzungumzie njia isiyo na homoni, kama kitanzi cha shaba. Ujue pia kwamba kubadilisha njia ya uzazi wa mpango peke yake si rahisi kuyafuta mabaka yaliyokwisha kujijenga.

Mwanga unaoonekana, adui asiyetajwa

Watu weusi wengi huamini kwamba losheni ya kujikinga na jua ni ya Wazungu na ya watu wenye ualbino. Imani hiyo ina chembe ya ukweli: melanini inatukinga vizuri dhidi ya kuungua na jua. Lakini kuungua ni jambo moja, na kuamka kwa seli za rangi ni jambo jingine.

Jua hutoa miale ya urujuanimno tusiyoiona, na hutoa pia mwanga wa kawaida unaotuwezesha kuona. Kwa miaka mingi madaktari walihangaika na ile miale isiyoonekana tu. Mwaka 2010 watafiti wa Hospitali ya Henry Ford huko Detroit, Marekani, walichapisha matokeo ya kumulika ngozi za watu kwa mwanga unaoonekana peke yake. Ngozi za watu weupe sana hazikubadilika. Ngozi za rangi ya kahawia na nyeusi zilipata weusi, na weusi huo ulikaa kwa muda mrefu kuliko ule ulioletwa na miale ya urujuanimno waliyoilinganisha nayo. Sehemu ya mwanga yenye rangi ya zambarau na buluu ndiyo yenye nguvu zaidi katika kuziamsha seli hizo.

Hapa ndipo kosa kubwa linapotokea. Losheni nyingi za jua zilizopo madukani zimetengenezwa kuzuia miale ya urujuanimno. Mwanga unaoonekana unazipita bila shida. Dada mwenye melasma anaweza kupaka losheni ya bei kubwa kila asubuhi, na mashavu yake yakaendelea kuwa meusi, kwa sababu nusu ya tatizo haijaguswa. Kinachozuia mwanga unaoonekana ni kitu kinachoonekana, yaani rangi. Oksidi ya chuma, madini yanayotumika kutia rangi kwenye faundesheni na poda, ndiyo inayofanya kazi hiyo ndani ya losheni.

Mwaka 2014 watafiti wa San Luis Potosí, Meksiko, waliwagawa wagonjwa wa melasma katika makundi mawili. Wote walipewa krimu ile ile ya kupunguza rangi. Kundi moja lilipaka losheni inayozuia urujuanimno tu, na jingine lilipaka losheni iliyoongezwa oksidi ya chuma. Baada ya wiki 8, waliopaka yenye oksidi ya chuma walikuwa wamepata nafuu zaidi. Dawa ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa kwenye kinga.

Watu huuliza pia kuhusu mwanga wa simu na kompyuta. Mwanga huo ni hafifu mno ukilinganishwa na wa jua, usikusumbue. Kinachostahili hofu zaidi ni kiti cha dirishani kwenye daladala na meza ya ofisi iliyo jirani na dirisha, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia miale inayounguza lakini hupitisha sehemu kubwa ya miale mingine na karibu mwanga wote unaoonekana.

Losheni ya kununua, na kiasi cha kupaka

Ukiwa dukani au kwenye duka la dawa, tafuta losheni yenye SPF 30 au zaidi, iliyoandikwa kuwa inazuia aina zote mbili za miale, UVA na UVB, na iliyo na rangi. Ili kuhakikisha kwamba rangi hiyo ni oksidi ya chuma, soma orodha ya viambato nyuma ya chupa na utafute namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Hizo ni namba za oksidi nyekundu, ya manjano na nyeusi. Losheni yenye rangi ina faida nyingine kwa ngozi yetu: haiachi ule weupe wa majivu unaowafanya wengi waichukie losheni ya jua.

Isipopatikana, au ikiwa rangi iliyopo hailingani na ngozi yako, ipo njia ya kati. Paka losheni ya jua ya kawaida, iache ikauke, kisha paka juu yake faundesheni nzito kiasi yenye namba zile tatu. Poda peke yake haitoshi, kwa sababu inapakwa kidogo na inapukutika.

Kisha kuna suala la kiasi, na hapa wengi hukosea bila kujua. Kinga iliyoandikwa kwenye chupa ilipimwa kwa tabaka nene la losheni. Ukipaka nusu ya kiasi hicho, kinga unayopata ni ndogo sana kuliko ile iliyoandikwa. Kipimo rahisi ni vidole viwili: kamulia mstari wa losheni kwenye kidole cha shahada, kutoka shina hadi ncha, na mwingine kwenye kidole cha kati. Yote hiyo ni ya uso na shingo. Kwa uso peke yake, ni karibu gramu 1. Paka kwa awamu mbili ikiwa inaonekana nyingi, na usisahau pembe za paji la uso karibu na nywele, juu ya mdomo, na sehemu ya shavu iliyo mbele ya sikio.

Kiasi hicho kinakupa njia ya kujikagua. Ukipaka gramu 1 asubuhi na gramu 1 mchana, chupa ya mililita 50 itakwisha baada ya siku 25 hivi. Ikiwa chupa yako imedumu miezi mitatu, hukuwa umejikinga, hata kama hukuacha kupaka siku hata moja.

Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili, na mara tu baada ya kutoka jasho jingi. Jasho usilifute kwa kusugua na kitambaa. Gandamiza tishu au kona ya kanga, inyonye unyevu, kisha paka upya.

Hata hivyo losheni haibebi mzigo peke yake. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua la adhuhuri ni kali mwaka mzima, na wingu jepesi halizuii kitu kikubwa. Pama yenye ukingo mpana unaozunguka kichwa chote ni kinga ya kweli, wakati kofia ya kapelo huacha mashavu wazi. Mwavuli wenye kitambaa kizito cha rangi ya giza hufaa, na mtandio mzito ulioshushwa hadi kwenye nyusi hukinga paji la uso kwa gharama ndogo. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, chagua upande wenye kivuli. Mwenye kipato kidogo aanze na pama na mwavuli, kisha losheni yenye rangi, na dawa za kufifisha zije mwisho. Kupaka dawa ya madoa huku uso uko wazi juani ni kuteka maji kwa pakacha.

Dawa mbili za upole

Viambato vya kupunguza rangi ni vingi, lakini huhitaji kuvipanga vyote usoni. Viwili vinatosha kwa kuanzia: niasinamaidi na asidi ya azelaiki.

Niasinamaidi ni aina ya vitamini B3. Haizuii rangi kutengenezwa. Inapunguza usafirishaji wa rangi kutoka seli inayoitengeneza kwenda seli za juu za ngozi, pale tunapoiona. Inaimarisha pia utando wa juu wa ngozi, hivyo husaidia uso kuzivumilia dawa nyingine. Kiwango cha asilimia 4 hadi 5 kinatosha. Chupa za asilimia 10 na zaidi zimejaa sokoni, lakini kiwango kikubwa huleta muwasho kwa baadhi ya watu bila kuongeza faida ya maana. Inapakwa asubuhi, kabla ya losheni ya jua.

Asidi ya azelaiki ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya hizi mbili. Inakibana kimeng'enya ambacho seli za rangi hukitegemea kutengeneza melanini, na athari yake ni kubwa zaidi kwa seli zilizochangamka kupita kiasi kuliko kwa seli zilizotulia. Kwa sababu hiyo haiigeuzi ngozi nzima kuwa nyeupe. Inayasogeza mabaka kuelekea rangi yako halisi. Kwa melasma hutumika ya asilimia 15 au 20, na hupatikana kwenye maduka ya dawa. Mwambie mfamasia jina lake na umwombe akuoneshe kiwango kilichoandikwa. Inatibu chunusi vilevile, jambo zuri kwa mwenye matatizo yote mawili. Niasinamaidi na asidi ya azelaiki zote huhesabiwa kuwa salama kwa mjamzito, ingawa ni vema umjulishe daktari au mkunga wa kliniki yako.

Vipo vingine vya upole, kama vitamini C, asidi ya kojiki na asidi ya traneksamiki ya kupaka. Hivyo vinaweza kuongezwa baadaye, kimoja kimoja, ikiwa viwili vya mwanzo vimefika mwisho wa uwezo wake. Asidi ya traneksamiki ya vidonge ni suala tofauti kabisa: inaweza kuchangia damu kuganda, na haitumiki bila daktari kukupima na kukuuliza historia yako.

Kabla ya kupaka dawa yoyote mpya usoni, ijaribu nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono kwa usiku tatu. Isipoleta upele wala muwasho, endelea.

Mfano: miezi sita ya mama muuza vitenge

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 34 anayeuza vitenge sokoni Tanga. Ana watoto wawili, anatumia vidonge vya majira, na mabaka yake yako kwenye mashavu yote mawili na kwenye paji la uso. Banda lake linapigwa na jua tangu saa tatu asubuhi. Kila siku husugua uso kwa dodoki na sabuni yenye manukato makali.

Wiki mbili za mwanzo hatumii dawa yoyote. Anaweka dodoki kando, ananawa kwa vidole na sabuni ya upole isiyo na manukato, anakausha kwa kugandamiza taulo, na anapaka mafuta mepesi ya uso. Anaanza losheni yenye rangi, vidole viwili saa moja asubuhi na vidole viwili saa saba mchana, kwa kuwa kurudia kila saa mbili sokoni kunamshinda, na ananunua pama. Siku ya kwanza anapiga picha ya uso mbele ya dirisha, asubuhi kabla ya kupaka losheni, bila kuwasha mwanga wa kamera. Picha za baadaye atazipiga mahali hapo hapo na saa ile ile, kila baada ya wiki nne. Hatua hii isipuuzwe, kwa sababu mabadiliko ni ya polepole na kioo cha kila siku hakiyaoneshi.

Wiki ya tatu anaongeza niasinamaidi asubuhi. Wiki ya nne anaanza asidi ya azelaiki, usiku mmoja anapaka, unaofuata anaacha. Kiasi ni punje mbili ndogo, kila moja sawa na mbegu ya choroko, zinazosambazwa mashavuni na kwenye paji la uso. Siku za mwanzo dawa inachonyota kwa dakika kadhaa kisha inatulia. Hilo ni la kawaida.

Usiku mmoja anaipaka mara baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado mbichi, na jioni hiyo alikuwa amepaka singo kwa ajili ya harusi ya ndugu. Safari hii uso unawaka zaidi ya nusu saa, na asubuhi mashavu yana joto na yamevimba kidogo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu ni mgumu kuuona. Ishara za kuchubuka ni joto, kukaza, magamba madogo, na weusi mpya unaotokea pembeni ya baka la zamani. Anaacha dawa kwa siku tano, anabaki na mafuta ya uso na losheni ya jua tu. Akirudi, anapaka mafuta kwanza, anangoja dakika kumi, ndipo anapaka dawa juu yake, mara mbili kwa wiki, kisha anapandisha taratibu. Kufika wiki ya kumi anaipaka kila usiku bila taabu.

Wiki ya kumi na mbili analinganisha picha. Kingo za mabaka ya mashavuni zimeanza kuchanganyika na ngozi ya pembeni, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya mafanikio. Baka huweza kufifia ukingoni kabla ya katikati. Lakini paji la uso halijabadilika. Dawa ni ile ile na siku ni zile zile, kwa hiyo tatizo litafutwe kwenye kinga. Anapofuatilia anagundua kwamba mchana, joto likizidi, huisogeza pama nyuma ya kichwa, na jasho la paji hulifuta kwa kanga kwa nguvu. Losheni ya pale huwa imeondoka kabla ya saa tano. Anaanza kugandamiza jasho badala ya kufuta, anaongeza mpako mmoja saa nne asubuhi kwenye paji tu, na anashusha pama.

Katikati ya miezi hiyo anakwenda kliniki na kubadilisha njia ya uzazi wa mpango. Mwezi wa sita mabaka ya mashavuni yamebaki kivuli kinachoonekana ukikaribia, na ya kwenye paji yamefifia kwa kiasi. Sasa anaweza kupunguza asidi ya azelaiki hadi mara tatu kwa wiki. Losheni na pama haviachwi. Miezi miwili ya jua bila kinga yatosha kurudisha aliyoyaondoa kwa miezi sita, kwa kuwa melasma hutulizwa, haing'olewi.

Si kila mtu atafika alipofika mama huyu. Rangi iliyo katika tabaka la juu la ngozi huitikia dawa vizuri. Iliyozama tabaka la chini, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya kijivu au buluu kwa mbali, huitikia kidogo. Ikiwa umejikinga sawasawa na kutumia dawa miezi sita bila tofauti kwenye picha, nenda kwa daktari wa ngozi.

Yanayoharibu uso

Mkorogo ndio unaowaangusha wengi. Krimu zinazochanganywa mitaani na nyingi zinazouzwa kwa ahadi ya weupe ndani ya siku saba hukutwa na kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu: haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli. Uso hung'aa haraka, na hapo ndipo mtego unaponasa. Steroidi hukondesha ngozi, huotesha chunusi na vinyweleo, na ukiiacha uso unawaka na mabaka yanarudi kwa kishindo. Zebaki hupenya mwilini na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi inaweza kuleta weusi wa kudumu wenye rangi ya buluu, wenye vipele vidogo vyeusi, ambao ni mgumu kutibu kuliko melasma yenyewe. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku haidrokwinoni na zebaki katika vipodozi. Daktari wa ngozi anaweza kuandika haidrokwinoni kama dawa, kwa kiwango maalumu na kwa miezi michache, akikufuatilia. Hilo ni jambo tofauti na kununua kopo lisilo na orodha ya viambato.

Kama umekuwa ukitumia krimu ya namna hiyo kwa miezi, usijitibu mwenyewe baada ya kuiacha. Nenda hospitali na kopo lako mkononi, daktari aone ulichokuwa ukipaka.

Ndimu na limau nazo ziachwe jikoni. Maji yake yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua huweza kuiunguza na kuacha madoa meusi mapya. Vivyo hivyo dawa ya meno, magadi na kusugua uso kwa singo: vyote huchubua, na mchubuko ndio chakula cha melasma.

Wakati wa kwenda hospitali mapema

Si kila weusi wa usoni ni melasma. Baka lililo upande mmoja tu, lenye magamba, linalowasha, linaloacha kovu, lenye ganzi au lililoinuka, halipaswi kutibiwa kwa maelezo haya. Ngozi iliyo nene na nyeusi kama mahameli, kwenye pembe za uso na shingoni, inahitaji kipimo cha sukari. Madoa yaliyofuata upele wa rangi ya nywele au manukato mapya yanahitaji kwanza kuacha kile kilichosababisha.

Tanzania kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kwa ukanda huu katika Hospitali ya KCMC, Moshi, na zipo kliniki za ngozi katika hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Kenyatta jijini Nairobi. Ukienda, chukua chupa za vyote unavyopaka, majina ya dawa unazomeza, na zile picha zako.

Kwa leo, kabla hujanunua krimu nyingine ya madoa, geuza chupa ya losheni yako ya jua usome nyuma. Kama namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499 hazipo, fedha ya krimu hiyo itumie kwanza kununua losheni yenye rangi na pama pana.